Ndege Weusi Wanne na Video Moja

Ukiletewa video ya ndege mweusi aliyetua juu ya waya wa umeme, rangi yake haikusaidii kitu. Ndege weusi tii wenye miili inayokaribiana wapo kadhaa Afrika Mashariki, na wanne kati yao huwachanganya hata watu waliozoea kutazama ndege. Ndiyo maana nimewachagua hao kueleza jinsi ndege anavyotambuliwa kwa video. Rangi ikishawekwa kando, hubaki umbo, mlio na mwenendo, na kila kimoja kati ya hivyo kina namna yake ya kukudanganya ukikitegemea peke yake.

Video ninayoizungumzia ilipigwa kwa simu kwenye shamba la michungwa pembezoni mwa Muheza, mkoani Tanga. Ni fupi, sekunde 40 hivi. Kijana wa ukoo wetu aliituma kwenye kundi la familia la WhatsApp akauliza: "Shikamooni wakubwa. Huyu ni kunguru wa aina gani?" Shangazi yetu akawahi kujibu: "Acheni kunguru, sikilizeni. Hapo analia bundi. Bundi mchana kweupe, mimi hilo silipendi." Kijana alikuwa ameangalia bila kusikiliza, na shangazi alikuwa amesikiliza bila kuangalia. Kila mmoja alishika jambo la kweli lililokuwamo kwenye video, ila hakuna aliyejiuliza kama anachokiona ndicho kinachotoa sauti anayoisikia.

Kunguru tumwondoe mara moja. Kunguru tuliowazoea ni wakubwa mno, wenye midomo mizito na mwendo wa kutembea ardhini, na huyu wa Muheza ni mwembamba. Wanaobaki ni hawa.

Wa kwanza ni mramba mwenye mkia wa panda, Dicrurus adsimilis, mwenye urefu wa sentimita 25 hivi, jicho jekundu, na mkia uliochanuka ncha mbili kama wa samaki. Wa pili ni ndugu yake mdogo, Dicrurus ludwigii, wa sentimita 19 hivi. Naye ana jicho jekundu, lakini mkia wake una kibonyeo kidogo tu mwishoni. Huyu ni ndege wa ndani ya msitu, na misitu ya Usambara Mashariki haiko mbali na Muheza, kwa hiyo hatuwezi kumpuuza. Wa tatu ni Melaenornis pammelaina, mkamata wadudu mweusi wa sentimita 20 hivi, mwenye mdomo mwembamba, jicho la kahawia iliyoiva na mkia uliokatwa karibu sawasawa. Wa nne ni dume la Campephaga flava, wa urefu huohuo, mwenye mkia wa duara na nyama ya njano kwenye pembe za mdomo. Baadhi ya madume hao wana doa la njano begani na wengine hawana. Hawa wawili wa mwisho nitawaita Melaenornis na Campephaga, kwa sababu majina ya mtaani hubadilika ukihama wilaya moja kwenda nyingine.

Wapo wataalamu wanaodhani kufanana huku si bahati tu. Mramba ni mkorofi. Humvamia mwewe mkubwa kumshinda mara nyingi na kumfukuza hadi mbali. Ndege mpole anayefanana naye huenda akaachwa kwa amani na wale wanaomwogopa mramba. Ikiwa ni hivyo, basi ndege hawa wametengenezwa na maumbile ili wachanganywe, na anayewachanganya hana haja ya kuona haya.

Kabla ya chochote kingine niliuliza kama ndege wa kwenye video ni mweusi kweli. Simu hupima mwanga wa picha nzima. Mbingu ikiwa nyeupe nyuma ya ndege, simu hupunguza mwanga, na kilicho mbele yake hugeuka kivuli, hata kama ni kwezi mwenye rangi ya zambarau au buluu inayong'aa. Njia ya kupima ni kutazama majani yaliyo jirani na ndege. Yakiwa nayo yameonekana meusi, huna unachojua kuhusu rangi ya ndege. Kwenye video ya Muheza sekunde za mwanzo zilikuwa hivyo hasa: ndege, waya na majani ya mchungwa vyote vimekuwa kivuli. Lakini kwenye sekunde ya 14 ndege aliruka akatua kwenye tawi kavu lililokuwa na kilima nyuma yake, majani yakarudi kuwa ya kijani, na yeye akabaki mweusi. Hapo ndipo nilipoamini rangi.

Jicho halikuonekana. Kwa umbali wa mita 15 simu ya kawaida haitoi rangi ya jicho. Hutoa nukta nyeusi, na ukikuza picha simu inajaza nafasi kwa kukisia. Hata lingeonekana lisingemaliza kesi, maana mramba mchanga naye ana jicho la kahawia. Watu wengi hukwama hapa wakikuza picha ileile tena na tena, wakati faida kubwa ya video ni kwamba inaendelea. Picha moja huonyesha ndege alivyo, lakini sekunde 40 huonyesha anavyoishi. Kwa ndege weusi wanne, mwenendo unatenganisha zaidi kuliko kipimo chochote cha mwili.

Campephaga hufanya kazi yake ndani ya majani. Mwili wake huwa umelala sambamba na tawi, husogea polepole, huchungulia chini ya majani na kuchuma viwavi. Si kawaida yake kukaa peupe juu ya waya na kungoja. Melaenornis hukaa wima, kimya, kwenye tawi la chini au mti wa ua, akitazama ardhi. Akiona panzi hushuka, humwokota na kupanda tena. Mara nyingine naye hukamata mdudu hewani, lakini kwa utulivu na bila makelele. Mramba hukaa wima peupe, kichwa kikigeukageuka, kisha huchomoka ghafla, hupinda hewani kumfuata mdudu aliyeko mbioni, na hurudi palepale alipotoka au jirani napo. Huwafuata ng'ombe kwa sababu kwato zao huwaamsha wadudu, na penye moto wa nyasi utamkuta akiwinda pembeni mwa moshi.

Niliitazama video mara ya kwanza bila sauti kabisa. Ni mazoea ninayoyashikilia, kwa sababu sauti ikishakuingia masikioni inakuamulia utakachokiona. Bila sauti niliona hivi: ng'ombe wawili wanakula nyasi kati ya michungwa, ndege yuko wima juu ya waya, anachomoka, anapinda mara mbili hewani, anarudi kwenye tawi kavu. Baada ya muda anatoka tena na kurudi tawi lilelile. Mara ya tatu anashuka karibu na ng'ombe, hagusi ardhi, na anapanda. Campephaga akawa ameondoka kwenye orodha. Melaenornis alibaki kwa uzi mwembamba, maana kutoka na kurudi peke yake hakumkatai, ila ule mpindo wa ghafla hewani haukuwa wa kwake.

Kisha nikaenda kwenye mkia, na hapo ninataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapojiamini kupita kiasi. Mkia wa ndege haukai umbo moja. Mramba anapotua huuchanua mkia ili kupunguza mwendo, na ukichanuka hivyo panda yake hupungua, hata fremu moja inaweza kumwonyesha na mkia uliokaribia kuwa bapa. Ndege mwenye mkia bapa naye, akikamatwa na kamera akiwa mbioni, manyoya mawili ya pembeni huacha ukungu unaofanana na panda. Juu ya hayo, mramba mchanga ana panda fupi, na mramba anayebadilisha manyoya anaweza kukosa yale marefu ya pembeni kwa muda. Kwa hiyo mkia huangaliwa ndege akiwa ametulia, mkia umefungwa, umemtazama kwa nyuma au kwa chini, na katika fremu nyingi mfululizo. Fremu moja iliyochaguliwa haitoshi.

Kwenye kompyuta natumia VLC. Ukisimamisha video na kubonyeza herufi E kwenye kibodi, inasogea fremu moja moja. Kati ya sekunde ya 16 na ya 18 ndege alikuwa ametupa mgongo, mkia umefungwa, na panda ilionekana bila kubadilika fremu baada ya fremu, ncha zikipinda kidogo kwenda nje. Hapo wa pili na wa tatu walidhoofika wote kwa pamoja. Aliporuka tena nilitazama mbawa: manyoya makubwa ya mbawa za mramba huyu yana upande uliopauka, na akizifungua kwenye mwanga huonekana kama zimefifia kuliko mwili. Zilionekana hivyo. Kuhusu ukubwa, video haina rula, lakini kulikuwa na tetere kwenye waya uleule dakika hiyohiyo, na ndege wetu alilingana naye kwa urefu, akiwa mwembamba zaidi. Melaenornis au mramba mdogo wa msituni angeonekana mfupi waziwazi kando ya tetere.

Sasa nikafungua sauti.

Maikrofoni ya simu husikia pande zote. Kamera imeelekezwa kwa ndege mmoja, lakini sauti inayoingia ni ya shamba zima, pamoja na ndege aliye nyuma ya mgongo wa mpiga video. Simu nayo hurekebisha sauti yenyewe. Penye ukimya huiongeza, ndipo nyenje wa mbali wanaposikika kama wamekaa begani, na kelele kubwa ikitokea huipunguza, zile ndogo zikapotea. Kwa hiyo ukubwa wa sauti kwenye video hauthibitishi kwamba mwenye sauti yuko karibu. Kosa la kawaida kuliko yote katika kazi hii ni kumpa ndege anayeonekana sauti ya ndege asiyeonekana.

Dawa yake ni kulinganisha mdomo na sauti, fremu kwa fremu. Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, maana yake katika muda wa fremu moja inakwenda kama mita 11. Ndege aliye mita 15 kutoka kwako atafungua mdomo, na sauti itafika fremu moja au mbili baadaye. Aliye mita 100 atachelewa karibu fremu tisa, na hapo macho yako yatakuambia kwamba haviendani, ingawa vinaendana. Simu nyingine zina kucheleweshwa kwao zenyewe kati ya picha na sauti. Ili kulijua hilo, mtu apige kofi moja mbele ya kamera kwa umbali wa mkono, kisha uone kama sauti ya kofi inaangukia fremu ya viganja kukutana. Kijana wetu nilimwomba afanye hivyo kwa simu ileile, akanitumia. Tofauti haikuonekana, kwa hiyo simu yake ilikuwa ya kuaminika.

Niliitoa sauti nikaifungua kwenye Audacity, programu ya bure, na kuigeuza kuwa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti ikipanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda. Filimbi safi hutokea kama mstari mwembamba mmoja. Mlio wa kukwaruza hutokea kama mistari mingi iliyopandana, au bonge zima lenye ukungu. Upepo na injini ya bodaboda hujaa chini kabisa, na vinaweza kuchujwa. Kwa mramba nilikata kila kilicho chini ya hezi 500 na sikupoteza kitu, ila mtu anayetafuta njiwa au bundi wakubwa asifanye hivyo, maana sauti zao ziko hukohuko chini na zitachujwa pamoja na upepo.

Kulikuwa na sauti tatu zilizostahili kufuatwa. Ya kwanza ilikuwa mtetemo mwembamba unaoendelea karibu video nzima. Nilijali hiyo kwa sababu mlio wa Campephaga ni mtetemo mwororo unaofanana sana na wa mdudu. Lakini huu haukukatika hata sekunde moja, haukupanda wala kushuka, na ulikuwapo hata ndege alipokuwa hewani akikamata wadudu kwa mdomo. Ni nyenje.

Ya pili ilikuwa mlio mkali wa kukwaruza, wenye mlio wa chuma ndani yake, uliokatikakatika bila mpangilio. Kwenye sekunde ya 11 ndege alikuwa kivuli, lakini kivuli kina faida yake: mdomo unapofunguka dhidi ya mbingu nyeupe huonekana vizuri kuliko ungeonekana kwenye rangi. Ulifunguka, na fremu moja baadaye mlio ukaanza. Ukafungwa, mlio ukakoma. Ilitokea tena na tena, na kila mara kwa tofauti ileile. Huo ni mlio wa mramba, na Melaenornis, ambaye ni mkimya na mwenye filimbi nyembamba za chinichini, akawa hana nafasi tena.

Ya tatu ndiyo ya shangazi. Kwenye sekunde ya 19 inaanza filimbi, inarudiwa, na kila inaporudiwa inapanda juu kidogo na kuongezeka nguvu. Ni filimbi saba kwa jumla. Shangazi hakukosea alichokisikia. Hivyo ndivyo anavyoanza kulia kibundi mdogo mwenye madoadoa, Glaucidium perlatum, na kibundi huyo hutembea na kulia hata mchana, jua likiwaka. Nililinganisha na rekodi za xeno-canto, maktaba ya sauti za ndege iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni, na kipande kile kilifanana sana na mwanzo wa wimbo wake.

Lakini wimbo kamili wa kibundi hauishii pale. Baada ya filimbi zinazopanda, hutulia kidogo kisha hutoa filimbi ndefu zinazoshuka. Kwenye video ya Muheza filimbi ya saba haikufuatiwa na utulivu wala na filimbi ndefu. Ilifuatiwa papo hapo na ule mlio wa kukwaruza, pasipo pumzi kati yao. Kwenye spektrogramu mstari mwembamba wa filimbi uligusana na bonge la mkwaruzo, na vyote viwili vilikuwa na nguvu ileile, na mwangwi uleule nyuma yake. Vitu viwili vilivyo sehemu mbili tofauti za shamba ni nadra kufika kwenye maikrofoni vikiwa sawa kiasi hicho.

Nikarudi kwenye picha. Kwa filimbi tano za kwanza ndege alikuwa ametupa mgongo, na mdomo hauonekani. Kwa zile mbili za mwisho aligeuza kichwa upande, na mdomo ukafunguka kidogo, mara mbili, kila mara fremu moja kabla ya filimbi. Zile mbili ni zake bila ubishi. Zile tano nasema karibu bila shaka ni zake, kwa kuwa zimo kwenye mfululizo mmoja, lakini kwenye maelezo niliyoandika niliziweka mbali na zile mbili. Anayeitazama video baadaye ana haki ya kujua nilipoona kwa macho na nilipokisia.

Kulikuwa na ushahidi mwingine wa kumkana bundi, nao haukutoka kwa ndege wetu. Kibundi akilia mchana, ndege wadogo walio jirani humkusanyikia na kumpigia kelele. Ni mazoea yao, na mtu anayetaka kumwona kibundi hufuata kelele hizo. Tetere kwenye waya hakusogea, na hapakuwa na ndege mdogo hata mmoja aliyekuja.

Kuiga sauti za wengine ni kazi ya kila siku ya mramba. Utafiti ulioongozwa na Tom Flower katika jangwa la Kalahari, uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Science, ulionyesha wanavyoitumia kuiba chakula. Mramba hukaa karibu na wanyama wadogo wa jamii ya nguchiro, au na ndege wanaopekua ardhini kwa makundi. Adui wa kweli akitokea, hutoa mlio wa tahadhari, nao wakajificha na kuokoka. Wakishamwamini, siku akimwona mmoja amepata mdudu mnono hutoa mlio uleule bila adui yeyote, mwenye chakula hukimbia, na mramba hushuka kukichukua. Wakianza kumzoea hubadilisha sauti na kutumia mlio wa tahadhari wa spishi nyingine, na uongo huo mpya hufanya kazi tena. Karibu robo ya chakula chao walikipata kwa njia hiyo.

Kwa mtambuzi wa ndege hilo lina maana nzito. Sauti ya mramba peke yake, bila picha, inaweza kukupa orodha ya ndege ambao hawakuwapo kabisa. Mtu aliyerekodi sauti tu pale Muheza angeandika kibundi, na angekuwa amesikia vizuri. Na mtu mwenye picha bila sauti angefika kwa mramba, ila asingejua kwamba amekosa jambo la kuvutia kuliko yote kwenye video hiyo. Alama za kutambua uigaji ni zile tulizozikuta hapa: kipande cha wimbo badala ya wimbo mzima, kuruka kutoka sauti moja hadi nyingine bila pumzi, nguvu na mwangwi usiobadilika, na ndege wengine kutojali.

Mahali ndiyo hoja ya mwisho niliyoipima, na niliiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ukianza nayo inakuzuia kuona kisicho cha kawaida. Shamba la wazi lenye ng'ombe na michungwa ni makazi ya mramba mwenye panda. Ndugu yake mdogo yuko msituni, chini ya miti mikubwa. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, cha mwaka 2002, kina ramani za kila spishi, na taarifa mpya zaidi zimo kwenye Tanzania Bird Atlas na Kenya Bird Map. Hakuna chochote kwenye ramani hizo kilichopingana na nilichokiona. Niliandika: Dicrurus adsimilis, mkubwa, mmoja, akiwinda juu ya ng'ombe, akiiga mwanzo wa wimbo wa Glaucidium perlatum.

Kama video hiyohiyo ingetoka kaskazini zaidi nisingeandika hivyo kwa wepesi. Katika ukanda mkavu unaoanzia Afrika Magharibi hadi Somalia kuna mramba mwingine, Dicrurus divaricatus, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mmoja na huyu wetu hadi uchunguzi wa vinasaba ulipowatenga. Kwa video ya simu siwezi kuwatofautisha, na sijui mtu mwaminifu anayeweza. Pale mipaka yao inapokaribiana, jibu sahihi ni kuandika Dicrurus na kuishia hapo. Uganda na magharibi mwa Kenya tatizo ni jingine: yuko Melaenornis edolioides, mweusi vilevile na mkimya vilevile, na kule maswali ya mkia na mdomo lazima yaulizwe upya.

Video nyingi ninazoletewa hazishindwi kwa sababu ya ndege. Zinashindwa kwa sababu zimepitia simu tano kabla ya kunifikia. WhatsApp inapotuma video kama video huibana. Ncha za mkia hulainika hadi panda inapotea, na sauti za juu hukatwa. Itume kama hati, faili zima, na uandike mahali na tarehe kwa mkono wako, maana taarifa hizo huwa hazifuatani na video iliyosambazwa. Usikuze picha kwa vidole wakati unapiga. Mara nyingi simu haimsogezi ndege, inakata kingo tu, na kukuza huko kunaweza kufanyika baadaye. Funga mdomo wakati ndege analia, hata kama una jambo zuri la kumwambia aliye kando yako.

Na ndege akiondoka, usizime. Sekunde kumi za tawi tupu zimewahi kunisaidia kuliko dakika nzima ya ndege mwenyewe, na kwa ndege weusi sababu ni hii: Campephaga hupenda kutembea wawili, dume na jike, na jike si mweusi kama dume. Ni kahawia ya kijani mgongoni, mweupe tumboni mwenye michirizi myeusi, na njano kwenye mbawa na mkia. Akipita kwenye tawi lilelile dume alilotoka sasa hivi, kesi imekwisha kabla hujagusa herufi E.